Barua kwa Mwanangu wa Kesho

Barua ya kwanza
*Kirumba, Mwanza, mwezi umejaa*

Mwanangu,
leo Mwaloni kumepoa.
Mwezi ukijaa dagaa hawaifuati taa,
kwa hiyo mitumbwi imepumzika, wavuvi wanaziba nyavu,
na sisi akina mama wa magunia tunasukana nywele.
Nina daftari la madeni.
Kurasa za mbele ni za ninaowadai na wanaonidai:
wa Kariakoo, wa Tunduma,
na yule wa Congo asiyepokea simu.
Za nyuma nimekupa wewe.

Mimba yako haijatungwa.
Baba yako anasema naongea na hewa.
Lakini kuna mambo nataka uyakute kwa mwandiko wangu,
usije ukayasikia msibani, kwa shangazi,
yameshatiwa chumvi.

Barua ya pili: vipimo

Tulipima damu kabla ya kuvishana pete.
Karatasi yangu: AS.
Karatasi ya baba yako: AS.
Muuguzi akaigeuza ya kwangu, akachora miraba minne nyuma yake.
Mmoja AA, damu isiyo na tatizo.
Miwili AS, kama sisi: unabeba, huumwi.
Mmoja SS. Huo ndio selimundu.

Nikauliza, "Kwa hiyo nikizaa wanne, mmoja ndiye ataumwa?"
"Hapana, dada. Kila mimba inaanza hesabu upya.
Unaweza kupata wanne wazima.
Unaweza pia kuanza na mgonjwa, na wa pili akafuata."
Baba yako, fundi wa injini za mitumbwi,
mtu anayesikia kifaa kibovu kabla hajafungua boneti,
aliitazama ile miraba mpaka muuguzi akaita mwingine.

Na hili nalo ulijue, maana watakwambia vingine.
Hatukulaaniwa.
Kandokando ya ziwa hili mbu wameua watoto vizazi na vizazi.
Waliobeba S moja, malaria kali iliwashindwa;
wakakua, wakaoa, wakaolewa, tukapatikana sisi.
Kilichomwokoa babu wa babu yako
ndicho kinachoninyima usingizi.

Barua ya tatu: baba yako mdogo

Picha ipo moja tu. Amevaa sare ya shule,
macho yana unjano, tumbo limetangulia,
na anacheka, meno yote nje.

Hiyo ilikuwa Sengerema, ng'ambo ya ghuba.
Usiku mifupa ikimkamata, bibi yako
aliwasha pasi ya mkaa, akaipitisha kwenye khanga iliyokunjwa mara nne,
akaijaribu kwanza shavuni mwake yeye mwenyewe,
kisha akamkandamizia mtoto gotini.
Ikipoa, anapitisha tena.
Hivyo mpaka jogoo.
Majirani walisema amerogwa.
Mganga alimchanja mgongoni, akalipwa mbuzi.
Bibi yako hakuwa mjinga, mwanangu, hakuwa ameambiwa,
na khanga ya moto ilimtuliza kweli. Hilo la khanga nimelichukua.

Alipozidiwa walimbeba mpaka Busisi.
Kulikuwa na foleni ya kivuko.
Walifika Mwanza jua limeshatoka, na siku mbili baadaye akazikwa.
Sisemi foleni ndiyo iliyomuua.
Baba yako ndiye anayesema hivyo,
na mwezi Juni 2025, daraja la Kigongo hadi Busisi lilipofunguliwa,
kilomita 3 za zege juu ya maji yale yale,
alilivuka kwa pikipiki, akageuza, akalivuka tena,
akarudi nyumbani hataki chakula.

Barua ya nne: ahadi

Ukija na damu njema
nitashukuru daima,
utacheza ukihema
mawe ukiparamia.

Ukija na ya mifupa
wala mimi sitakwepa,
maji kwenye yako chupa
kila saa nitatia.

Mapema penisilini
na foliki mkononi,
usiku chandaruani
pembe nikichomekia.

Upepo wa ziwa huja
jioni na mara moja,
nawe sweta lakungoja
mlangoni latulia.

Maumivu yakipanda
sitasema "utashinda",
usiku ule twakwenda
bodaboda, nikilia.

Barua ya tano
*fupi, gari la Tunduma limefika*

Dagaa wa kichanja wamepanda bei, wa mchanga hawana mtu.
Nimeuza vizuri.
Nimenunua soksi zako. Ndogo mno, nimecheka peke yangu sokoni.
Nimezificha kwenye debe la unga.
Bibi yako akiziona ataanza kuhesabu miezi.

Barua ya sita: swali lako

Najua utaliuliza, uwe mzima au mgonjwa.
Mlijua. Kwa nini mkanizaa?

Bibi yako alitushauri tuachane.
Hakusema kwa ubaya. Alinishika mikono miwili, akasema,
"Mwanangu, mimi nilizika. Tafuta wa AA, na yeye atafute wake."
Nilikaa kwetu Ukerewe nikijifunza kutompenda baba yako.
Asubuhi ninalala, jioni naangalia boti.
Alikuja amebeba injini ya mtu begani, eti anapita tu kuitengeneza.
Injini hiyo haikuwa na ubovu wowote.

Kwa hiyo jibu la kwanza, la kweli, si zuri sana:
tulijitaka sisi, wewe ulikuwa bado hujaulizwa.
Watakaokwambia tulikuzaa kwa ujasiri wanatupamba.
Hofu ninayo sasa hivi, ninapoandika.

Jibu la pili ni kwamba zama zimebadilika kidogo.
Ukizaliwa tutakuchoma kisigino, tone moja la damu,
na tutajua kabla mwili wako haujatuambia kwa kilio.
Ipo haidroksiyurea, inapunguza zile siku mbaya.
Haiponyi. Na kuna miezi itaadimika dukani,
na miezi itakuwepo na pesa haipo.
Nimeanza kuweka, kila gunia elfu moja, kwenye kibubu,
na baba yako ananiibia humo ya sigara, halafu anarudisha mia tano zaidi.
Wapo wenye SS ninaowajua: mmoja mwalimu, mmoja ana watoto wawili,
mmoja alikuwa mcheshi kuliko wote pale Kirumba
na tulimzika ana miaka ishirini na sita.
Siwezi kukutajia yule mwalimu nikamficha huyu.

Jibu la tatu silijui vizuri.
Nakutaka. Nikiwaona watoto wa wenzangu wanaokota dagaa waliomwagika
wanawala wabichi, wanachapwa, wanarudia,
kuna mahali kifuani panauma.
Haki ya kukutaka ninayo.
Haki ya kukupa maumivu yasiyo yangu, hiyo sina,
na bado huenda nikakupa.
Nimeigeuza hii sentensi kila upande, haikai.

Ukikasirika, kasirika nyumbani, na ukasirike na sisi.
Usimwendee bibi yako, yeye ameshajibu maswali ya kutosha.
Njoo kwangu kwanza, hata kama nina wateja;
sema "mama, lile swali", nitafunga gunia.
Kisha nenda kwa baba yako.
Ataanza kutania, atakuuliza umeona wapi spana namba kumi.
Mpe hiyo spana. Halafu muulize tena.