Ratiba ya Ununuzi kwa Robo Mwaka, 2025/2026

Kwa: Mkuu wa Idara ya Elimu ya Msingi, Bagamoyo

Shikamoo Mama. Mpango wa mwaka wa idara yako, shilingi milioni 136, nimeupanga hivi:

Robo ya 1 (Julai–Septemba): madarasa manne Fukayosi, zabuni shindani ya kitaifa, milioni 100. Hii ndiyo inayonikosesha usingizi. Tangazo liingie NeST Julai, mkataba usainiwe Septemba, ili paa liwe juu kabla ya masika ya Machi. Barabara ikishalowa, lori la mchanga halifiki.

Robo ya 2: madawati 300, ushindani wa bei, milioni 24. Yafike Desemba, watoto wa Januari wasikae chini.

Robo ya 3: shajala, mkataba maalumu wa GPSA, milioni 9.

Robo ya 4: matengenezo ya pikipiki, ununuzi mdogo, milioni 3.

Madawati nimeyaacha yote kwenye zabuni moja. Kuyagawa shule kwa shule ili kukwepa ushindani sheria hairuhusu, hata walimu wakuu wakisisitiza.

Ninaomba michoro ya madarasa kabla ya Julai 4, na vipimo vya madawati kabla ya Septemba 15.

Mkuu, Kitengo cha Usimamizi wa Ununuzi