Baba, naomba ukapime tumbo

Shikamoo baba,

Natumaini mmeamka salama wewe na mama. Nimeamua kukuandikia maana kwenye simu kila nikianza hii habari unanikatisha unaniuliza kazi inaendaje, huku baridi imezidi, mara mtandao unakatika. Kwa maandishi utasoma taratibu na miwani yako, na mama akitaka umsomee kwa sauti msomee tu, hakuna siri humu.

Ni kuhusu tumbo lako. Jumapili kwenye vidio kolu nilikuwa nakuangalia muda wote unakula, ulipiga vijiko vitatu vinne ukaisogeza sahani pembeni ukasema umeshiba, halafu ukaanza kubeua, sentensi moja unaikata mara mbili. Sikusema kitu maana wajukuu walikuwa wanakusalimia. Baadae mama akaniambia imeanza muda mrefu sasa, hata maji glasi moja yanakujaza, na mkanda wako umeutoboa tundu jingine kwa msumari kwa sababu suruali zinashuka. Baba hilo la mkanda ndo limenikosesha usingizi.

Najua utasema ni gesi tu. Na kweli mtu kubeua peke yake mara nyingi sio ugonjwa, ni hewa tunayomeza tukila haraka au tukinywa soda, inatoka basi. Ningeona unabeua tu huku unamaliza sahani yako kama zamani wala nisingeandika. Kinachonisumbua ni kwamba vitu vitatu vimekuja pamoja, kubeua, kushiba haraka na kupungua, na vyote ni vipya kwako. Wewe una miaka 63, hujawahi kuwa na shida ya tumbo maisha yako yote. Mtu aliyevuka 60 akianza dalili za tumbo ambazo hakuwa nazo, madaktari hawapendi kumpa dawa tu aende nyumbani, wanataka waone ndani kuna nini.

Nikueleze vile nilivyoelewa. Tumbo la mtu mzima likipokea chakula linalegea linatanuka kama mfuko, halafu linasaga na kusukuma chakula taratibu kwenda kwenye utumbo. Sasa ukishiba kwa vijiko vinne ina maana aidha halitanuki, au halisukumi, au kuna kitu kimebana njia ya kutokea, au kuna kitu cha nje kinaligandamiza, mfano ini au bandama ikivimba. Chakula kikikaa pale bila kwenda mbele ndo unajisikia umejaa na mbweu zinakuja mfululizo.

Sababu zenyewe ni nyingi na nyingi zinatibika kabisa. Kuna vidonda vya tumbo. Najua wewe unaamini vidonda vinaletwa na mawazo, lakini vingi vinaletwa na bakteria wanaoitwa H. pailori, wanaishi kwenye ukuta wa tumbo miaka na miaka. Madaktari wawili wa Australia, Barry Marshall na Robin Warren, ndo walioonyesha hilo, na watu walivyobisha Marshall mwaka 1984 akawanywa hao bakteria yeye mwenyewe, tumbo likamuuma kweli, na 2005 wakapewa Tuzo ya Nobeli. Ukikutwa nao unapewa antibayotiki mbili au zaidi pamoja na dawa ya kupunguza asidi, kwa kawaida siku 14, unamaliza zote hata ukijisikia umepona siku ya tano.

Halafu baba kuna zile diklofenaki unazomeza kwa ajili ya magoti. Hizo zinachubua tumbo hasa kwa mtu wa umri wako, na ubaya wake kidonda kinaweza kuwepo bila maumivu makali mpaka kianze kuvuja damu. Mwambie daktari unazinywa tangu lini na mara ngapi kwa siku, usizifiche, akubadilishie dawa nyingine ya magoti.

Na sukari yako nayo. Sukari ikikaa mwilini miaka mingi inaweza kuharibu mishipa ya fahamu inayoliendesha tumbo, likawa zito kusukuma chakula, ndo unakuta mtu anashiba haraka, anabeua, saa nyingine anatapika chakula alichokula masaa mengi nyuma, na vipimo vya sukari vinapanda na kushuka bila mpangilio. Mama anasema chako kimekuwa hivyohivyo siku hizi, kwa hiyo daftari la kliniki ya sukari liende na wewe.

Sitakuficha la mwisho, maana wewe ndo ulitufundisha kusema ukweli. Saratani ya tumbo nayo inaweza kuanza hivihivi, kubeua, kushiba haraka na kukonda, bila maumivu ya kutisha. Sisemi unayo. Uwezekano mkubwa ni hayo mengine, lakini ikiwepo, ikigundulika mapema inakuwa na matibabu tofauti kabisa na ile inayokutwa mtu ameshaishiwa nguvu. Ndo maana hizi omeprazo unazonunua dukani zinanitisha, zinatuliza kweli, na zikituliza unaahirisha, wakati kilichopo ndani kinaendelea. Tena zinaweza kufanya kipimo cha H. pailori kisome hamna wakati wapo, ndo maana huwa wanataka mtu awe ameziacha wiki mbili kabla ya kupima, kwa hiyo muulize daktari akupangie.

Kipimo ambacho najua utakikwepa ni endoskopi, ile kamera. Ni mrija mwembamba unaopita mdomoni mpaka tumboni, unaenda hujala masaa kama sita mpaka nane, wanakupulizia dawa ya ganzi kooni, na pengine sindano ya kukusinziisha. Inakera koo, inaweza kukufanya ubeue zaidi pale, lakini mara nyingi ndani ya dakika 15 wamemaliza. Wakiona sehemu wana wasiwasi nayo wanachukua kinyama kidogo cha kupima maabara, hutasikia hata kuuma. Kwa vile unatumia dawa za sukari waulize mapema uzimeze vipi siku hiyo, usije ukashukiwa na sukari ukiwa na njaa. Pia watapima damu kuona kama imepungua, na pengine altrasaundi.

Kabla hujafika huko, ukiona choo cheusi kama lami, ukitapika damu au kitu kama unga wa kahawa, chakula kikaanza kukwama kooni, au kifua kikabana na jasho likutoke, usisubiri miadi wala usinisubiri mimi nipokee simu, mama amwite mtu mwende hospitali saa hiyohiyo.

Nimeshaongea na kaka, anakuja Jumatano asubuhi na gari. Habari ya hela usiiwaze, nimemtumia yeye moja kwa moja. Wewe usiku wa Jumanne vidonge vyote unavyokunywa, hata vile vya dukani na vile vya mitishamba, viweke kwenye mfuko mmoja mwende navyo. Na daktari akikuuliza usimjibu "niko sawa tu" kama unavyonijibu mimi, mwambie umepungua, mwambie sahani humalizi, mwonyeshe huo mkanda.

Mkitoka tu nipigieni, nitakuwa kazini lakini ntapokea.

Mwanao anayekupenda sana,
Neema