Taarifa ya kufunga biashara na ombi la kufutiwa usajili: Kampuni ya Mkondo Wachapaji

Kumb. Na. MW/UT/2025/09
8 Septemba 2025

Kamishna wa Kodi za Ndani,
Mamlaka ya Mapato.

Msajili wa Makampuni,
Ofisi ya Usajili wa Makampuni.

Ndugu Kamishna, Ndugu Msajili,

YAH: KUFUNGWA KWA BIASHARA YA KAMPUNI YA MKONDO WACHAPAJI, NAMBA YA USAJILI 48213, NAMBA YA MLIPAKODI 118-402-957

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Kampuni yetu, iliyosajiliwa tarehe 12 Mei 2014 kwa kazi ya uchapaji na uuzaji wa vifaa vya ofisi, imefunga biashara. Azimio maalumu la kufunga lilipitishwa na wanahisa wote watatu tarehe 14 Februari 2025. Tunawaandikia barua moja ofisi zote mbili kwa makusudi: tarehe zikitofautiana kati ya jalada la kodi na jalada la kampuni, ombi hukwama, kila ofisi ikisubiri ufafanuzi wa nyingine. Tarehe za humu ndizo zilizotumika katika ritani, hesabu na fomu zetu zote.

Tarehe ni tatu, na tunaomba zisichanganywe. Kazi za wateja zilikoma tarehe 31 Machi 2025. Baada ya hapo hatukuchapa chochote, ila tuliendelea kuuza mitambo na samani, na mauzo ya mwisho yenye kodi yalikuwa ya mashine ya kukatia karatasi, tarehe 30 Mei 2025. Hesabu za mwisho za kampuni zimefungwa tarehe 30 Juni 2025. Kwa hiyo tarehe ya Machi isichukuliwe kuwa mwisho wa wajibu wetu wa Kodi ya Ongezeko la Thamani, kwa sababu risiti za Aprili na Mei zipo na kodi yake imelipwa.

Kabla ya yote, kuna suala la jina. Tulisajiliwa kama Kampuni ya Mkondo Vifaa vya Ofisi, tukabadili jina tarehe 9 Agosti 2021. Msajili alitoa cheti cha jina jipya, lakini taarifa za namba yetu ya mlipakodi bado zina jina la zamani. Ni kampuni ileile, yenye namba ileile. Nakala ya cheti ni kiambatisho A. Tunaomba Kamishna asahihishe jina kwanza, ndipo hati ya kutodaiwa kodi itolewe. Ikitoka kwa jina la zamani, Msajili hataweza kuihusisha na kampuni namba 48213.

KWA KAMISHNA

Tunaomba kufutiwa usajili wa Kodi ya Ongezeko la Thamani kuanzia tarehe 1 Juni 2025, kufungiwa wajibu wa kodi ya mishahara na kodi ya zuio, na mwishoni kufungiwa namba ya mlipakodi. Hatuombi namba iwekwe katika hali ya usingizi. Kampuni haitarudi kufanya biashara.

Ritani ya mwisho yenye mauzo, ya Mei 2025, iliwasilishwa na kulipiwa tarehe 17 Juni. Katika ritani za Aprili na Mei kuna mambo mawili ambayo mkaguzi atayauliza. La kwanza ni bidhaa zilizobaki. Karatasi na wino ambazo hazikuuzwa zilichukuliwa na wakurugenzi tarehe 30 Mei; kwa kuwa tulizipunguzia kodi tuliponunua, tumezihesabu kama mauzo kwa thamani ya soko na kutoza kodi kwa kiwango cha kawaida. Orodha yake, pamoja na uzito wa karatasi na idadi ya chupa za wino, ni kiambatisho B. La pili ni amana za wateja wanne ambao kazi zao hazikukamilika. Walirudishiwa fedha zote kwa njia ya benki mwezi Aprili, na hati za kupunguza mauzo zilitolewa kwa kila risiti ya awali. Ndiyo sababu mauzo ya Aprili yanaonekana madogo kuliko jumla ya risiti za mashine kwa mwezi huo. Tofauti yote imefafanuliwa hati kwa hati katika kiambatisho C.

Ritani za Juni na Julai ziliwasilishwa zikiwa sifuri. Ya Agosti itawasilishwa kabla ya tarehe yake ya mwisho, na tutaendelea hivyo kila mwezi mpaka tupate barua yako ya kufuta usajili. Tunafahamu kwamba kutoa taarifa ya kufunga hakusimamishi wajibu wa kuwasilisha ritani, na kwamba adhabu ya kuchelewa hujihesabu hata pale ambapo hakuna mauzo.

Mashine ya kutolea risiti za kielektroniki ilitoa ripoti ya Z ya mwisho, namba 2731, jioni ya tarehe 30 Mei. Kumbukumbu yake ilisomwa na wakala aliyeidhinishwa tarehe 2 Juni, na ripoti hiyo ni kiambatisho D. Mashine haijauzwa wala kupewa mtu. Imefungwa kwa lakiri na inatunzwa na mhasibu wetu ikisubiri maelekezo yako, maana mashine iliyo bado hai kwenye mfumo inaweza kutoa risiti kwa jina letu na kutuzalishia mauzo tusiyoyafanya. Tunaomba uizime katika mfumo, kisha utuelekeze pa kuikabidhi. Vitabu vya risiti za dharura vilivyobaki, kurasa 38 ambazo hazijaandikwa, navyo tutavikabidhi siku hiyohiyo.

Wafanyakazi walikuwa sita. Wanne waliachishwa tarehe 31 Machi, na wawili, mwendesha mitambo na mtunza ghala, walibaki hadi 30 Mei kusimamia mauzo ya vifaa. Malipo ya notisi, likizo na kiinua mgongo yalipitishwa kwenye orodha ya mishahara na kukatwa kodi panapostahili. Michango ya hifadhi ya jamii imelipwa hadi Mei. Kodi ya zuio ya pango la jengo imelipwa hadi mwezi huohuo, na jengo lilikabidhiwa kwa mwenye nyumba tarehe 31 Mei. Pikapu ya kampuni iliuzwa, na uhamisho wa umiliki ulikamilika tarehe 19 Mei, hivyo hakuna chombo cha moto kinachopaswa kubaki chini ya namba yetu.

Jambo linalohitaji uamuzi wako hasa ni kodi ya mapato. Makadirio yetu ya mwaka 2025 yalifanywa mwezi Machi kwa kuchukulia mwaka mzima wa biashara, na awamu ya kwanza ya shilingi 900,000 ililipwa tarehe 31 Machi. Tarehe 12 Juni tuliwasilisha makadirio yaliyorekebishwa ili kuondoa awamu zilizobaki. Ritani ya mwisho, yenye hesabu zilizokaguliwa za kuanzia 1 Januari hadi 30 Juni 2025, iliwasilishwa tarehe 25 Julai na kuonyesha kodi ya shilingi 345,000. Hata hivyo, taarifa ya akaunti yetu inaonyesha bado deni la awamu ya pili, shilingi 900,000, pamoja na riba. Deni hilo limetokana na makadirio ya awali na halina biashara nyuma yake. Tunaomba:

(a) awamu ya pili na riba yake viondolewe, kwa kuwa hati ya kutodaiwa haiwezi kutoka vikiwa bado vinasomeka;
(b) ziada ya shilingi 555,000 tuliyolipa katika awamu ya kwanza irejeshwe kwenye akaunti ya benki iliyoorodheshwa katika kiambatisho E;
(c) kama utataka kufanya ukaguzi wa kufunga, ufanyike sasa. Vitabu vyote viko mahali pamoja na mhasibu yupo.

KWA MSAJILI

Tunaomba kampuni ifutwe katika rejista kwa ombi lake yenyewe, bila ufilisi, kwa kuwa haina deni, haina kesi mahakamani na haina mali zaidi ya salio la benki na marejesho ya kodi tuliyoyataja. Ritani za mwaka zimewasilishwa zote, ikiwemo ya 2025, pamoja na taarifa za wamiliki manufaa. Tangazo kwa wadai lilitoka gazetini tarehe 24 Aprili. Dai moja tu lilijitokeza, la msambazaji wa karatasi, likalipwa tarehe 15 Mei. Barua yake ya kukiri malipo ni kiambatisho F.

Rejista yako ina rehani moja juu ya mali za kampuni, iliyosajiliwa tulipokopa benki. Mkopo ulimalizwa tarehe 22 Aprili na taarifa ya kuondoa rehani iliwasilishwa tarehe 6 Mei, lakini tulipopekua jalada wiki iliyopita rehani ilikuwa bado inaonekana. Tunaambatisha tena barua ya benki ya kuachia dhamana, kiambatisho G, na kuomba rejista irekebishwe kabla ya ombi hili kushughulikiwa. Rehani ikiendelea kuonekana, ombi litasomeka kana kwamba kuna mdai ambaye hakuarifiwa.

Ombi letu kubwa kwako ni la mpangilio. Tafadhali usichapishe notisi ya kufuta hadi Kamishna athibitishe kwa maandishi kwamba hana pingamizi na kwamba marejesho yamelipwa. Mali inayobaki kwa jina la kampuni siku inapofutwa huenda serikalini, na akaunti ya benki hufungiwa. Kuirudisha kampuni kwenye rejista kwa ajili ya shilingi 555,000 kungegharimu zaidi ya fedha zenyewe. Marejesho yakishaingia tutalipa ada ya mkaguzi, tutagawa kinachobaki kwa wanahisa kwa hisa zao 500, 300 na 200, tutakata kodi ya zuio pale ambapo mgao unazidi mtaji waliolipa, kisha tutafunga akaunti na kukuletea barua ya benki. Hapo ndipo notisi itoke.

KWA WOTE

Vitabu, ankara, mikataba na nakala za kielektroniki vitatunzwa na mhasibu wa kampuni hadi 31 Desemba 2032. Wakurugenzi wote wawili wameapa viapo vilivyoambatishwa, H na I, na wanaelewa kuwa kufutwa kwa kampuni hakuwaondolei wajibu wa kujibu jambo lolote la kipindi walichoiongoza. Barua zitumwe kwa anwani ya mhasibu iliyo katika kiambatisho E. Sanduku la posta la zamani limefungwa, na notisi itakayotumwa huko haitatufikia.

Tunaomba kila ofisi igonge muhuri wa kupokea kwenye nakala ya pili ya barua hii, ikionyesha tarehe.

Wako waaminifu,

Salma Juma Hamisi
Mkurugenzi Mtendaji

Joseph Petro John
Mkurugenzi na Katibu wa Kampuni

Viambatisho: A, cheti cha kubadili jina, B, orodha ya bidhaa zilizobaki, C, ulinganisho wa risiti na ritani ya Aprili, D, ripoti ya kumbukumbu ya mashine, E, taarifa za benki na anwani, F, barua ya msambazaji, G, barua ya benki ya kuachia dhamana, H na I, viapo vya wakurugenzi, J, azimio maalumu la 14 Februari 2025, K, hesabu zilizokaguliwa hadi 30 Juni 2025.

Nakala: Mhasibu wa kampuni, wanahisa wote.