Andalio la hesabu za kichwa, dakika tano kabla ya somo la chenji

Darasa la Nne B, Mbagala. Hisabati, Jumanne, kipindi cha kwanza. Wanafunzi 82, watatu watatu kwenye dawati. Kazi kuu: mafumbo ya chenji kwa noti ya 1,000 na ya 2,000.

Lengo: mwanafunzi ataje haraka kilichobaki kufikia 10, 100 na 1,000 bila kalamu wala vidole. Asiyeweza hilo atatumia kipindi chote akikopa kwenye safu, na fumbo lenyewe atakuwa amelisahau. Madaftari yabaki yamefungwa.

Dakika ya 1. Nataja, wote wanajibu pamoja. Kufikia 10: 7, 4, 9, 2, 6. Kufikia 100: 70, 40, 90, 20. Mwendo wa konda anayeita vituo, nisisimame kusahihisha.

Dakika ya 2 na ya 3. Hapa ndipo penye kazi. Naandika 63 ubaoni: imebaki ngapi kufikia 100? Sekunde tano za kimya. Aliyepata aweke kidole gumba kifuani. Hakuna kunyoosha mikono wala "mimi, mwalimu!", kwa sababu mikono ikishajaa hewani wenye mwendo wa polepole huacha kufikiri.

Wengi watasema 47, kwa kuwa 6 na 4 ni 10, 3 na 7 ni 10. Nisiseme wamekosa. Naandika 47 na 37, kila dawati lijumlishe zote mbili na 63. Moja itatoa 110, nyingine 100. Mwanafunzi mmoja aeleze ile kumi ya ziada imetoka wapi. Kisha mstari wa namba: kutoka 63 kwenda 70 ni 7, kutoka 70 kwenda 100 ni 30.

Zinazofuata: 28, 54, 81, 45. (Majibu: 72, 46, 19, 55.) Baada ya kila moja nauliza "umepataje?", hata jibu likiwa sahihi. Zikitosha mbili tu, sawa.

Dakika ya 4. Kufikia 1,000: 600, 450, 850, 730. Halafu kwa mdomo: chapati mbili za 300 kila moja na andazi la 150, umetoa noti ya 1,000. Chenji 250. Wepesi wapewe 365.

Dakika ya 5. Mmoja kwenye dawati anatunga bei isiyozidi 1,000, wenzake wanataja chenji, wanapokezana. Napita safu za nyuma nikisikiliza; huko wapo wanaofuatisha midomo ya wenzao. Sitoi alama. Nikisikia bado makosa ya aina ya 47, noti ya 2,000 naiacha hadi kesho.

Madaftari yafunguliwe. Fumbo la kwanza liwe ubaoni tayari: Asha amechukua nyanya za 500 na mchicha wa 300 gengeni, ametoa noti ya 2,000. Arudishiwe kiasi gani?