Mama Anakata Uzi kwa Meno

Kati ya picha zote za harusi nilizopiga, hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Bibi harusi kasimama mbele ya dirisha, kafumba macho, tabasamu ndiyo kwanza linaanza. Nyuma yake mama kainama, mdomo wake umegusa mgongo wa gauni. Wengi wanaoiona huniambia mama anambusu bintiye. Hapana, anakata uzi kwa meno.

Zipu ya gauni ilikuwa imeachia muda mfupi kabla ya kuondoka kwenda kwenye sherehe. Chumba kikajaa sauti: mmoja anatafuta pini, mwingine anapiga simu kumwulizia fundi, shangazi anasisitiza shela irefushwe ifunike mgongo. Mama hakubishana na mtu. Aliomba sindano na uzi mweupe, akashusha miwani, akamwambia binti yake, "Simama wima, mwanangu, usipumue sana." Akaanza kushona gauni likiwa mwilini. Mshono baada ya mshono, kelele zikapungua, hata shangazi akanyamaza akashika taa ya simu kumwangazia.

Nilikuwa nimejibanza pembeni ya kioo. Kulikuwa na mwanga wa dirishani, wa balbu ya darini na wa ile simu, kila mmoja na rangi yake, na gauni jeupe halifichi rangi hata moja. Kwa kawaida ningeomba balbu izimwe ili ngozi na kitambaa vibaki na rangi zake halisi. Lakini mama alikuwa akishona, na aliihitaji taa kuliko mimi. Flashi nayo ingewashtua, na kila mtu angekumbuka kwamba kamera ipo. Nikaacha chumba kama kilivyo, nikijua picha hii itakuwa nyeusi na nyeupe.

Kulikuwa na jambo jingine la kuamua upesi. Lenzi ya mm 50 niliyokuwa nayo hufunguka hadi f/1.8, na hupendeza sana kwa sura moja. Hapa sura zilikuwa mbili, moja mbele na nyingine nyuma. Kwa f/1.8 binti angeonekana vizuri na mama angegeuka ukungu, na bila mama hakuna picha. Nikafunga tundu la lenzi hadi f/4, kasi 1/160, na kwa kuwa mwanga ulioingia ulipungua, nikapandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, hadi 3200. Ndiyo maana ukiitazama kwa karibu utaona chembechembe kwenye ukuta. Sikuzisafisha. Programu za kuondoa chembe zinapolainisha ukuta hulainisha pia mikunjo ya mikono ya mama, na mikono hiyo ndiyo iliyofanya kazi siku ile.

Alipofika mwisho wa mshono, mkasi haukuonekana. Akainama. Binti akaisikia pumzi ya mama mgongoni, akafumba macho. Nikabonyeza.

Wenyewe wameniruhusu niionyeshe, majina yao nayahifadhi. Wameichapisha kubwa na kuitundika sebuleni, wakati picha rasmi ya maharusi wakiwa wamepambwa vizuri iko ndani ya albamu.

Ndiyo maana sipokei kazi ya kuanzia kwenye sherehe pekee. Ninafika muda wa saa mbili kabla ya bibi harusi kutoka, na mwenzangu anakuwa upande wa bwana harusi. Kazi ni muda wa saa 10, harusi moja tu kwa siku. Kamera zetu huandika kila picha kwenye kadi mbili kwa pamoja, kwa sababu siku hii hairudiwi. Baada ya siku 3 utapata picha 20 za kuanzia. Zilizobaki, kati ya 400 na 600, zitakuwa tayari ndani ya wiki 6. Nakala ninazitunza kwa mwaka mmoja.

Jumamosi zilizo wazi kwa sasa ni tarehe 12 na 26 Septemba na 10 Oktoba 2026. Ijumaa na Jumapili bado zipo nyingi. Nitumie ujumbe wenye tarehe, mahali, saa ya sherehe na idadi ya wageni, nami nitakujibu ndani ya siku 2 kwa makadirio ya gharama yaliyoandikwa. Tarehe nitakushikia siku 7 bila malipo. Baada ya hapo inathibitishwa kwa mkataba na malipo ya awali ya asilimia 30, na salio hulipwa wiki moja kabla ya harusi. Ukilazimika kuahirisha, malipo ya awali yanahamia tarehe mpya mradi niwe na nafasi.

Nitajie pia jina la ndugu mmoja atakayekuwa chumba cha maandalizi asubuhi hiyo. Huyo ndiye nitakayezungumza naye siku yenyewe, ili bibi harusi asisumbuliwe na simu zangu.