Gorogoro Hairudi Tupu: Mikopo ya Majirani Manyatta, Kisumu

Katika ploti niliyopanga Manyatta, mama muuza omena alimkopesha jirani wa mlango wa pili gorogoro moja ya unga. Siku ya nne gorogoro ilirudi imejaa hadi kufanya kichuguu, na juu yake vitunguu viwili. Hakuna aliyevitaja. Lakini hesabu yote ilikuwa hapo: angerudisha unga uleule kwa kipimo kilekile, ingekuwa kama kusema "sasa hatudaiani," na kutodaiana ni nusu ya kukata uhusiano.

Mwaka 1925 mwanaanthropolojia Mfaransa Marcel Mauss alieleza mambo matatu yanayomfunga mtu katika zawadi: kutoa, kupokea na kurudisha. Mwanaanthropolojia Mmarekani Marshall Sahlins (1972) alionyesha kwamba watu wanapokaribiana, hesabu hulegea. Hapo nina shaka. Katika ploti hesabu hailegei, hunyamaziwa tu. Mama yule alikumbuka kila kibaba, hata mvua iliyonyesha siku hiyo.

Mwanahistoria Mwingereza E. P. Thompson (1971) aliuita uchumi wa maadili ule msimamo wa maskini wa Uingereza ya karne ya 18 kwamba chakula kina bei ya haki. Kwetu msimamo huo hujitokeza riba inapotajwa. Kijana mmoja alimkopesha jirani shilingi 500, akataka 600. Alilipwa kwa M-Pesa wiki hiyohiyo, senti kwa senti. Tangu hapo hakuna aliyebisha mlangoni pake, hata kuomba chumvi.