YAH: Paa la chumba namba 4 linavuja

Mzee wangu, shikamoo.

Tangu masika yaanze, chumba changu kimekuwa tawi la Mto Msimbazi. Jana usiku nilikinga ndoo mbili, sufuria na beseni la mtoto; vyote vikajaa kabla ya adhana ya alfajiri. Godoro nalihamisha kila saa kama kete ya drafti. Kandambili moja imeelea hadi kwa jirani, sijarudishiwa. Hata panya wamehama, tena bila notisi.

Kodi ya miezi sita nimeshalipa, mzee. Naomba fundi aje kabla ya Jumamosi: ni mabati mawili tu juu ya dirisha, misumari imeliwa na kutu. Ngazi ninayo, na chai nitampikia mimi.

Mpangaji wako mtiifu, niliyelowa,
Chumba namba 4, Magomeni